Alama ya M, induktansi ya pamoja, kwenye koili zenye nukta

"Wakuu, koili mbili, nukta zote juu, mikondo ya lupu nimeichora yote kufuata saa. Mbona kitabu kina −M na mimi napata +M?"

Mdau hapo juu anayesema "yote ikifuata saa, M ni hasi" kapatia kwa bahati. Geuza nukta moja uone kanuni yake inavyokufa. Achana na saa, tazama mkondo unaingilia wapi. I1, mkondo wa lupu ya kushoto yenye chanzo V, unashuka kwenye koili yake, kwa hiyo unaingilia kwenye nukta. I2, mkondo wa lupu ya kulia yenye R, unapanda koili yake, kwa hiyo unatokea kwenye nukta. Mmoja unaingia, mwingine unatoka: M hasi, tena kwenye lupu zote mbili.

```
jωL1·I1 − jωM·I2 = V
(R + jωL2)·I2 − jωM·I1 = 0
```

Ukiona +M juu na −M chini, umeteleza. M ni ileile kote. Ukichora I2 kinyume cha saa utapata +M kote, na I2 itatoka na alama hasi. Hujakosea.

Kaka wa Ujiji unayeuliza utapataje M na nukta kwenye transfoma isiyo na nukta, hilo ni swali lingine. Unga koili mfululizo, pima induktansi. Geuza ncha za moja, pima tena. Mfano 17 mH na 9 mH: M = (17 − 9)/4 = 2 mH. Kwenye muungo wa 17, kati ya ncha mbili ulizounganisha, moja tu ndiyo ya nukta. Ila kwa kiini cha chuma usiiamini sana hiyo 2, mita nyingine itakupa namba tofauti.