Mteja kaandika "bei?" tu

"Mtu kanitext 'bei?' basi, nimtajie ya ipi?"

Usitaje kwanza dada. Mimi nilipost stetasi dera, pochi na viatu, mtu akaniandikia "ipo?" nikajibu ipo, elfu 18, nikiwaza dera, kumbe yeye anataka viatu vya elfu 35, akatuma 18 hapohapo, ikabidi nirudishe na makato nikabeba mimi. Sasa hivi mtu akiuliza hivyo namrushia picha mbili tatu za mwisho nilizopost, kila moja na bei yake chini, namuuliza "ni hii au hii, saizi gani?" Wapo wanaosema mtumie mteja orodha nzima ya vitu na bei, wako sawa nusu, vikiwa vitu vitano ni sawa, vikifika arobaini mtu hasomi anapotea.