Shampuu Haikuniumiza Kichwa, Iliniumiza Kope

Juni ya mwaka juzi nilianza kujikuna. Kichwani kwenyewe hali haikuwa mbaya sana. Kilichonitesa ni kope, nyuma ya masikio na shingo, pale nywele zinapoishia. Naamka asubuhi kope zimevimba, ngozi imekauka na inachunika. Kwetu Uyole, Mbeya, mwezi wa sita ni baridi na upepo mkavu, na maji tunayooga tunayachemsha hasa, kwa hiyo nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake na jibu lilikuwa moja: baridi. Shangazi akanipa mafuta ya nazi. Nikapaka wiki tatu, kuwasha kuko palepale.

Baadaye nikasikia kwamba salfeti za kwenye shampuu hukausha ngozi, nikaenda sokoni Mwanjelwa nikanunua shampuu ya bei kubwa iliyoandikwa kwamba haina salfeti hata kidogo. Wiki ya pili tangu nianze kuitumia, jicho la kushoto halikufunguka vizuri.

Salfeti ndiyo inayotoa povu jingi. Wanaotengeneza sabuni za maji mitaani wanaijua kwa jina la slesi, ule uji mzito unaouzwa kwa kilo. Kazi yake ni kushika mafuta na uchafu ili maji yavichukue. Shida ni kwamba haichagui: inachukua uchafu na inachukua pia mafuta yanayolinda ngozi. Kwenye chupa huandikwa kwa majina mawili yanayofanana. Sodium Lauryl Sulfate ni kali, kiasi kwamba watafiti wa ngozi huitumia kwa makusudi wanapotaka kuiwasha ngozi kwa majaribio. Sodium Laureth Sulfate, ambayo ndiyo slesi yenyewe, ni ya upole zaidi. Tofauti ni herufi chache tu, soma taratibu.

Madhara ya salfeti ni ya kuchubua, si aleji. Ngozi inachoma au inakakamaa siku hiyohiyo, na ukipunguza kiasi cha shampuu, ukaichanganya na maji na kuacha maji ya moto sana, unaona nafuu. Mimi sikuwa hivyo. Nilikuwa naosha nywele Jumamosi, Jumapili niko salama, Jumatatu au Jumanne kope zinaanza. Kuchelewa huko kwa siku moja hadi tatu ndiyo tabia ya aleji ya kugusa.

Daktari wa ngozi niliyemwona hakuanza na kichwa changu. Aliniuliza, "Dada, ukisuuza nywele, povu linapita wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono: paji la uso, machoni, nyuma ya masikio, shingoni. Ndiko kote nilikokuwa naumia. Akanieleza kwamba ngozi ya kichwa ni nene na inavumilia, ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini, kwa hiyo kitu kilichomo kwenye shampuu kinaweza kupita kichwani kimyakimya kikaja kujionyesha machoni. Akaomba chupa. Hakuangalia mbele palipoandikwa sifa, aligeuza nyuma akaenda moja kwa moja mwisho wa orodha, akaweka kidole kwenye neno refu: Methylisothiazolinone.

Hicho ni kihifadhi. Shampuu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji yaliyokaa bafuni wiki nyingi huotesha bakteria na ukungu, kwa hiyo lazima kitu kiwekwe cha kuzuia. Sishauri mtu atafute shampuu isiyo na kihifadhi chochote. Ile ya kujikorogea nyumbani kwa mshubiri huanza kuharibika baada ya siku chache, na kuipaka kwenye ngozi iliyochubuka ni kujitafutia maambukizi. Ila vihifadhi havilingani. Hiki cha kwangu ni miongoni mwa vinavyoleta aleji sana, hata Umoja wa Ulaya ukakizuia kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini, kama losheni, na kwenye vya kusuuza ukaweka kikomo cha 0.0015%, yaani gramu 15 katika tani nzima. Kundi lingine la kuangalia ni vile vinavyoachia formalini kidogo kidogo, kama DMDM Hydantoin. Parabeni, ambazo watu wanazikimbia zaidi, kwa upande wa aleji ni kati ya vihifadhi vyenye shida ndogo kabisa. Hilo lilinishangaza, maana ile chupa yangu ya bei kubwa ilijisifu kwamba haina parabeni wala salfeti, na kihifadhi kilichowekwa badala yake ndicho kilichonifunga jicho.

Manukato nayo ni chanzo kikubwa cha aleji, na ugumu wake ni kwamba neno moja, Parfum, linaweza kuficha viungo kadhaa. Shampuu ya mafuta ya mimea haikwepi hapo, maana mafuta ya rozimari au ya maganda ya limau ni manukato vilevile. Chupa ikiandikwa Unscented maana yake hunusi kitu, lakini huenda imetiwa manukato ya kufunika harufu nyingine. Inayofaa ni Fragrance-free, na bado geuza usome nyuma.

Nilipopata shampuu mpya niliijaribu kwanza hivi. Kijiko kimoja cha chai cha shampuu ndani ya vijiko kumi vya maji. Napaka ndani ya kiwiko, eneo la ukubwa wa sarafu, naacha dakika tano, nasuuza. Asubuhi na jioni, siku kumi, mahali palepale. Usiipake bila maji ukaiacha ikauke, maana karibu kila shampuu ikifanyiwa hivyo itachubua na utaikataa bure. Ikichoma palepale, ni kali kwako. Vikitokea vipele vinavyowasha siku ya tatu au ya sita na vikaendelea baada ya kuacha, hiyo huenda ni aleji. Kipimo hiki hakitaji kiungo chenye kosa. Hiyo ni kazi ya kipimo cha viraka vya mgongoni, ambavyo hukaa siku mbili na kusomwa tena baadaye na daktari.

Kope zangu zilichukua karibu wiki tano kutulia. Aleji ya namna hii haiishi ukibadilisha shampuu siku moja, usikate tamaa wiki ya kwanza ukarudi kuchanganya dawa. Na kama kinachokusumbua ni magamba yenye mafuta kichwani kwenyewe, hiyo huenda ni mba, na inataka shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya fangasi. Mtoto mwenye mabaka yanayokatika nywele apelekwe hospitali, mapunye hayaponi kwa kubadilisha sabuni.

Pamebaki saluni. Shampuu nyingi za saluni zetu hutoka kwenye dumu la lita tano lisilo na orodha, na nyingine zimekorogwa mtaani kwa slesi, chumvi, rangi, pafyumu na formalini ya kuzuia isioze. Siwalaumu wanaokoroga, ndivyo walivyofundishwa, lakini kwa mtu wa aina yangu formalini hiyo ni hatari. Sasa nabeba chupa yangu kwenye mkoba. Mara ya kwanza msusi alinuna kidogo, nikamwonyesha picha ya kope niliyoipiga ile Juni. Alikaa nayo muda, kisha akaniambia vidole vyake vinapasuka kila wiki, akaomba nimsomee nyuma ya dumu lake. Hapakuwa na maandishi.