Barua pepe ya pili kwa wateja walionyamaza

Ninauza mafuta ya alizeti kwa madumu ya lita 20. Tunakamua Kizota, hapa Dodoma, na wateja wetu wakubwa ni nyumba za wageni, migahawa, wapishi wa shughuli na kantini mbili za Mtumba. Wengi wao huagiza kwa barua pepe, kwa sababu wanahitaji kitu cha maandishi cha kumpelekea mhasibu.

Aprili ya mwaka juzi tuliwaharibia. Bunge la bajeti lilikuwa limeanza, mji umejaa wageni, oda zimepanda, na mbegu zikatuishia. Alizeti ya kanda hii huvunwa mvua zikishakatika, Mei kwenda mbele, kwa hiyo Aprili maghala huwa yanaelekea kuwa matupu. Badala ya kuwaambia wateja kwamba hatuna, tulinunua mafuta kwa mkamuaji mwingine, tukayatia kwenye madumu yetu, tukapeleka. Hayakuwa yamechujwa vizuri. Yakipata moto yalitoa povu, na chini ya dumu yalibaki mashapo. Watu walipiga simu, tukaahidi kwenda kuyabadilisha, na hatukwenda. Kufikia Novemba, wateja 31 kati ya 58 walikuwa hawajaagiza kitu kwa zaidi ya miezi sita.

Ndipo nikaandika barua pepe ya kwanza. Naiweka hapa kama ilivyokuwa:

> Mada: Tumekukumbuka! Punguzo la asilimia 10 msimu huu wa sikukuu
>
> Mpendwa mteja wetu, tunatumaini u mzima wa afya. Ni muda sasa hatujakuona. Tunapenda kukujulisha kuwa tuna mafuta safi na bora ya alizeti kwa bei ya punguzo. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Karibu tena tukuhudumie.

Chini yake nilibandika bango lenye picha ya maua ya alizeti. Nikaituma kwa wote 31 kwa mkupuo, anwani zao nikiwa nimeziweka kwenye BCC. Nilipata majibu mawili. La kwanza lilikuwa la mteja aliyehamia Singida. La pili lilitoka kwa mama mwenye nyumba ya wageni Area C, sentensi moja tu: "Haya ya punguzo ni yale ya Aprili?"

Swali lile lilinikalisha chini. Kwa mtu aliyemwaga mafuta yetu, punguzo lilisomeka kama tunataka kumalizia mzigo mbovu. Tena niliandika "hatujakuona" kana kwamba yeye ndiye aliyepotea njia, wakati sisi ndio tulioahidi kwenda kwake na hatukwenda.

Lakini sentensi iliyoniuma zaidi nilipoisoma upya ni ile ya "usumbufu wowote uliojitokeza". Tunaitumia kila mahali, kwenye matangazo ya maji kukatika na kwenye vibao vya barabara. Neno "wowote" linamwambia mteja kwamba hujui nini kilimpata, au unajua na hutaki kukitaja. "Uliojitokeza" nalo linaufanya usumbufu uonekane umejiotea wenyewe kama magugu. Ndugu yake ni "kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu". Kununua mafuta bila kuyajaribu kulikuwa ndani ya uwezo wetu kabisa. Ukiona sentensi yako ya kuomba radhi inaweza kubandikwa kwenye barua ya kampuni nyingine yoyote bila kubadilishwa neno, ifute.

Kabla ya kuandika upya nilifungua daftari la oda na la kupelekea mizigo, nikafuata jina moja moja: aliagiza lini mara ya mwisho, alipelekewa mzigo wa siku gani, alilalamika au hakulalamika. Ilinichukua siku mbili, na hapo ndipo kazi yote ilipokuwa. Waliopata mafuta mabaya walikuwa 12 tu. Wengine 14 walikuwa wameacha kidogo kidogo kabla ya Aprili, na hakuna kosa lililoandikwa mahali. Watatu walikuwa wamefunga biashara au kuhama. Wawili walikuwa na deni letu, na hao niliwaondoa kabisa. Mtu unayemdai ukimwandikia "karibu tena" anajua unazungumzia nini, na mazungumzo ya deni yana mahali pake.

Mgawanyo huu usiurahisishe. Kishawishi changu cha kwanza kilikuwa kuwatumia wote barua moja ya kukiri kosa, nikidhani ndiyo uungwana. Lakini wale 14 hawakuwahi kupata mafuta mabaya kutoka kwetu. Kuwaomba radhi kwa mafuta ambayo hawakuyaona ni kuwapa hofu ambayo hawakuwa nayo. Kwao kilichotokea ni kimya, basi kimya ndicho nilichokitaja: "Mara ya mwisho ulichukua madumu mawili mwezi Februari, na tangu hapo hatujakuuliza kulikoni." Nikaweka bei ya leo na swali moja, kama bado wanakaanga kwa alizeti au wamehamia mafuta mengine.

Kwa wale 12, hii ndiyo barua niliyotuma katikati ya Januari, kabla wabunge hawajarudi mjini. Hii ni ya yule mama wa Area C:

> Mada: Mafuta ya Aprili na tulichobadilisha
>
> Shikamoo mama,
>
> Tarehe 11 Aprili tulikuletea madumu sita. Mafuta yale yalitoa povu na kuacha mashapo. Ulitupigia simu mara mbili, tukasema tunakuja, hatukuja. Kosa ni letu na ninaomba radhi. Hata barua niliyokutumia Novemba haikulitaja kosa hili, nayo naiombea radhi.
>
> Mafuta yale hatukuyakamua sisi. Mbegu zilikuwa zimetuishia, tukanunua kwa mtu mwingine bila kuyajaribu na hatukukwambia. Sasa mbegu zikiisha tunasema zimeisha. Kila dumu lina tarehe ya kukamuliwa, na mafuta yanatulia siku tatu kabla ya kuchujwa.
>
> Bei ya dumu imepanda kwa shilingi 3,000 tangu ulipoagiza.
>
> Kwa madumu yale sita unatudai radhi, na unatudai mafuta. Ukikubali, nitakuletea kwanza lita moja uikaange jikoni kwako. Ukiridhika, madumu mawili ya kwanza hutalipia. Nijibu LETA. Kama hutaki tena barua zetu, nijibu BASI na nitalifuta jina lako.

Chini niliweka jina langu na namba yangu ya mkononi.

Nieleze machache niliyoyapima. Mada haina alama ya mshangao wala neno "ofa". Inataja kitu ambacho msomaji mwenyewe anakikumbuka, na ni fupi kiasi cha kuonekana yote kwenye simu, kwa sababu wateja wangu karibu wote husomea kwenye simu. Simu huonyesha pia maneno ya mwanzo ya barua chini ya mada. Kwenye barua ya Novemba maneno hayo yalikuwa "Mpendwa mteja wetu, tunatumaini", yaani hakuna kitu. Safari hii yalikuwa salamu na tarehe ya mzigo wake.

Bei mpya niliitaja ndani ya barua yenyewe, isije ikawa habari ya mwisho anayoikuta kwenye ankara. Mteja aliyekwisha kudanganywa mara moja akikuta bei mpya ambayo hukumtajia, humrudishi tena.

Sehemu ya "tulichobadilisha" nimeiandika kwa vitu ambavyo mteja anaweza kuviona mwenyewe. Tarehe kwenye dumu ataiona, mashapo atayaangalia. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na "tumeboresha huduma zetu", na mke wangu aliposoma akauliza, "Zipi?" Sikuwa na jibu fupi, nikaikata. Na hapa pana sharti: kama hujabadilisha kitu, usiitume barua hii. Mimi nilisubiri hadi tulipopitisha mavuno mazima kwa utaratibu mpya wa kuchuja, kwa sababu ukikiri kosa kisha ukalirudia, mteja hana tena sababu ya kukusikiliza.

Neno BASI mwishoni nililiogopa, nikidhani nawafungulia mlango waondoke. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake kutumika kwa matangazo, na asiyetaka barua zako bila njia ya kusema hivyo ataziweka kwenye spamu. Wakifanya hivyo wengi, hata ankara zako kwa wateja wengine zitaanza kupotelea huko.

Kuhusu kutuma, nilituma moja moja kutoka anwani yangu ileile ya kazi, nne kwa siku, asubuhi. Bila bango na bila kiambatisho. Bango zito huchelewa kufunguka kwenye mtandao dhaifu, na maneno yaliyo ndani ya picha hayasomeki kabla picha haijashuka. Nilituma nne kwa siku ili kila jibu nilijibu siku hiyohiyo. Barua inayokiri kwamba uliahidi kwenda na hukwenda, halafu jibu lake likakaa siku tatu, inarudia kosa lenyewe. Mbili ziligonga mwamba na kurudi kwa kuwa anwani zilikuwa zimekufa, hao nikawatafuta kwa simu.

Kati ya zile kumi zilizofika, sita zilijibiwa. Wanne waliandika LETA, mmoja BASI, na mmoja akaniandikia aya ndefu ya hasira kuhusu kamati ya harusi iliyomgeuka kwa sababu ya chakula. Kwa huyo barua pepe haikuwa njia sahihi tangu mwanzo. Daftari lilikuwa linaonyesha kwamba alikuja mpaka kiwandani kulalamika, na mtu aliyekufuata kwa miguu unamwendea kwa miguu. Nilikwenda Nkuhungu kumwona siku iliyofuata. Hakuagiza. Wanne waliokaa kimya niliwaandikia mara moja zaidi baada ya wiki tatu, mistari miwili tu, kisha nikawaacha.

Wale 14 wa kimya walijibu watano, na watatu wao walisema jambo ambalo sikulitarajia: dumu la lita 20 ni kubwa mno kwao siku hizi, wanataka la lita 10. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikidhani ni bei.

Mama wa Area C alijibu jioni ileile: "Leta. Njoo wewe mwenyewe." Nilifika na chupa ya lita moja asubuhi wakati wa kukaanga maandazi. Akaimimina yote kwenye karai, akasimama anaangalia bila kunisemesha mpaka mafuta yakachemka, akatia maandazi matano, akayageuza. Hakukuwa na povu. Akaniuliza tarehe iliyoandikwa kwenye madumu yatakayokuja, nikamwambia, akaiandika ukutani kwa chaki juu ya jiko. Aliagiza mawili, siyo sita, na mpaka leo anaagiza mawili mawili.