Boti inatuma oda kwenye hisa iliyosimamishwa

"Wakuu, boti yangu ya hisa za Marekani naiambia bei isiposogea sekunde 60 ihesabu hisa imesimamishwa, oda isipojibiwa irudie. Iko sawa?"

Izime hiyo boti leo. Mimi hiyo "irudie" ilinikata dola 800 kwa dakika chache tu.

Ilikuwa saa 11 na dakika 12 jioni huku kwetu, kule New York saa 4 asubuhi. Kahisa kadogo ka Nasdaq, bei ya rejea dola 8, dari yake asilimia 10 juu, yaani 8.80. Wanunuzi wakagonga dari, hakuna anayeuza, zikapita sekunde 15 hali haijabadilika, soko likaisimamisha dakika 5. Boti ikatuma oda ya soko ya hisa 100. Kimya. Baada ya sekunde 30 ikatuma nyingine, na nyingine, mpaka zikafika kumi. Mi najua zimepotea hewani kumbe hisa ikisimama Nasdaq inaendelea kupokea oda, inazipanga foleni zisubiri mnada wa kufungulia! Mnada ukafunguka 9.20 zote kumi zikajazwa kwa mpigo, nimeshika hisa 1,000 badala ya 100, bei ikaporomoka nikajitoa 8.40. Usinicheke, nawe ungeganda vilevile ukiangalia ile namba.

Huyo jamaa wa kozi aliyetufundisha kurudia oda kila ikikosa jibu, hela yangu alichukua na hilo hakulisema hata siku moja. Oda isiyojazwa iko hai mpaka upate uthibitisho kwamba imefutwa, kuomba tu kufuta haitoshi.

Na bei kutulia haikwambii kitu. Kahisa kasiko na watu kanaweza kulala dakika nzima na soko liko wazi, halafu iliyosimamishwa kweli utaijua umechelewa sekunde 60. Soma ujumbe wa hali kwenye data yako. Kwa hisa za Nasdaq `T` inauzwa, `P` imesimama kwa kuyumba kwa bei, `H` imesimamishwa, `Q` wanapokea bei tu, biashara bado. Hiyo `Q` inadanganya wengi, unaona bei zinacheza unadhani imefunguka. Hisa za NYSE zina alama zake, zitafsiri kwanza.

```python
if hali.get(sym) != "T" or sym in oda_wazi:
    return
```

Ona, hisa ambayo hujapata hali yake nayo inakataliwa, maana boti ikiwaka katikati ya siku haijui kilichotokea kabla. Ukipokea `P` au `H` futa oda zako zote za hisa hiyo palepale, na ikirudi `T` subiri uone bei ya mnada ndo upige hesabu upya, ile ishara ya 8.80 imeshakufa. Hata hivyo zile sekunde 15 za kugonga dari bado inasoma `T`, kwa hiyo tumia oda ya limiti, ya soko achana nayo kabisa.