Kichefuchefu cha mimba changa: changu kilivyovuka kawaida

"Habari zenu. Nina mimba ya wiki 8, ya kwanza. Natapika tangu alfajiri, na tangu juzi hata maji hayakai tumboni. Mama mkwe anasema ni kawaida ya mimba. Nivumilie au niende hospitali?"

Nenda leo, mdogo wangu. Mama mkwe hajakosea kusema kwamba mimba changa hutapisha, lakini maji yakikataa kukaa tumboni kwa siku nzima, hiyo si kawaida tena. Nakueleza hivi kwa sababu mimi nilichelewa.

Mimba yangu ya kwanza niliibeba nikiishi Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na harufu ya dagaa iliingia dirishani kabla hakujapambazuka. Kichefuchefu kilianza wiki ya 6. Mwanzoni kilitulia nikitafuna matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mawili matatu kabla ya kuinuka kitandani, kwa kuwa tumbo tupu hukizidisha. Kufikia wiki ya 9 matobolwa hayo yalirudi, uji ulirudi, na mwisho nikawa natapika nyongo chungu, usiku na mchana. Muuzaji wa duka la dawa aliniambia nivumilie. Kilichonishtua ni mkojo: nilikwenda msalani alfajiri, sikwenda tena mpaka magharibi, na uliotoka ulikuwa kidogo, wa rangi ya chai isiyo na maziwa.

Hospitalini mizani ilionyesha kilo 54.5, nami kabla ya mimba nilikuwa na kilo 58. Muuguzi alipiga hesabu mbele yangu: asilimia 5 ya 58 ni kilo 2.9, nami nilikuwa nimepoteza 3.5. Mjamzito anayetapika mfululizo na kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake wa awali huhesabiwa kuwa na kutapika kwa kupindukia, ambako huhitaji matibabu. Kwenye mkojo walikuta ketoni, yaani mwili ulikuwa unaunguza mafuta yake wenyewe kwa kukosa chakula. Walinipima malaria pia, na hilo huku kwetu ziwani lisirukwe, kwa maana homa na kutapika kwa malaria hudhaniwa kirahisi kuwa ni mimba. Kisha wakanifanyia ultrasaundi kuangalia kama ni mapacha au mimba zabibu, yaani kondo linalokua vibaya bila mtoto wa kawaida, kwa sababu zote mbili hupandisha homoni kupita kiasi.

Homoni yenyewe inayotajwa sana ni hCG, ileile inayoleta mistari miwili kwenye kipimo cha mkojo. Hutengenezwa na kondo la nyuma linaloanza kujijenga, hupanda haraka na kufikia kilele karibu na wiki ya 10, kisha hushuka, na kichefuchefu cha wengi hufuata mwendo huohuo mpaka kutulia kati ya wiki ya 16 na 20. Projesteroni nayo hulegeza misuli ya tumbo, hivyo chakula hukawia kushuka. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba homoni nyingine, GDF15, inayotoka zaidi kwenye kondo na mtoto, hugusa sehemu ya ubongo inayoamsha kutapika, na kwamba mwanamke aliyekuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba huumia zaidi inapopanda. Kwa hiyo yeyote anayekuambia kwamba unadeka, au kwamba humtaki mtoto, anakuonea.

Nilitundikiwa dripu ya maji ya chumvi pamoja na dawa ya kuzuia kutapika, lakini kwanza nilichomwa sindano ya vitamini B1. Jambo hili naliomba ulishike. Akiba ya B1 mwilini ni ya wiki chache tu, na mtu aliyetapika muda mrefu akiwekewa glukosi kabla ya vitamini hiyo anaweza kudhurika ubongo: huanza kuona vitu viwiliwili, kuyumba akitembea, au kuchanganyikiwa. Usikubali kutundikiwa glukosi nyumbani na mtu asiyekupima.

Ukiona damu kwenye matapishi au ukeni, homa, maumivu makali ya tumbo, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka unaposimama, usingoje kukuche. Na kichefuchefu kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 9 kisisingiziwe mimba kabla ya kutafutwa chanzo kingine.

Njiani kunywa maji ya ORS kijiko kimoja kimoja, kila baada ya dakika chache, kwa sababu kikombe kizima kitarudi. Ukifika, usiseme tu kwamba unatapika. Mimi nilisema hivyo nikaachwa kwenye foleni hadi mchana. Taja maji yamekataa kukaa tangu lini, umekojoa mara ya mwisho saa ngapi, na ulikuwa na kilo ngapi kabla ya mimba.