Pampu gani inatosha kukausha shimo la besimenti?

Swali: Wakuu, tunachimba besimenti Mikocheni, shimo ni mita 20 kwa 15, kina mita 3.5. Maji tumeyakuta mita 1.5 kutoka juu. Ripoti ya udongo inasema mchanga wa kati mpaka mita 9.5, halafu mfinyanzi mgumu. Fundi anasema pampu moja ya inchi 2 inatosha, mwingine anataka mbili za inchi 3. Nitajuaje nani yuko sahihi?

Jibu: Mkuu, kabla hujazungumzia pampu, tafuta kwanza maji yanayoingia kwa saa. Nimesimamia misingi kadhaa ukanda huu wa pwani, na ugomvi wa inchi 2 au inchi 3 huwa unaisha wenyewe namba hiyo ikipatikana. Ripoti yako imekupa karibu kila kitu.

Chukulia shimo lako kama kisima kikubwa cha duara. Eneo la mita za mraba 300 ni sawa na duara lenye nusu kipenyo cha mita 9.8. Maji hayatakiwi kuishia usawa wa sakafu ya shimo, yashuke nusu mita zaidi ili wafunga nondo wasikanyage tope. Kwa hiyo yatashuka kutoka mita 1.5 hadi mita 4, yaani mita 2.5. Ukipima kutoka juu ya mfinyanzi, kina cha maji kabla ya kuvuta ni mita 8, baada ya kuvuta ni mita 5.5.

```
R = 3000 × s × √k + r
Q = π × k × (H² − h²) / ln(R / r)
```

Hapo Q ni maji yanayoingia shimoni, kwa mita za ujazo kwa sekunde, s ni mita ambazo maji yanashuka, r ni ile 9.8, H ni 8 na h ni 5.5. R ni umbali kutoka katikati ya shimo mpaka pale ambapo maji ya ardhini hayashuki tena. k ni kasi ya maji kupenya kwenye mchanga, kwa mita kwa sekunde. Mchanga wa kati huwa karibu na 0.0001. Ukiweka hiyo, R inakuja kama mita 85 na Q inakuwa lita 4.9 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 18 hivi kwa saa.

Sasa angalia hatari iliyojificha kwenye k. Ikiwa mchanga wako ni wa chembe kubwa kidogo na k ni 0.0003, Q inaruka hadi lita 12 kwa sekunde, mita za ujazo 43 kwa saa. Hapo vipimo vya shimo havijabadilika hata kidogo. Ndiyo maana siamini k iliyochukuliwa kwenye jedwali peke yake. Chimba shimo dogo la majaribio la mita 2 kwa 2 kwenye kona ya eneo, weka pampu ndogo, na ushikilie maji mita 1 chini ya usawa wake wa asili. Elekeza mpira kwenye pipa la lita 200 na upime muda wa kujaa. Endelea saa kadhaa mpaka muda huo uache kubadilika, kwa sababu maji ya mwanzo ni yale yaliyokuwa tayari yamekaa kwenye mchanga wa karibu. Kwa k ya 0.0001, hesabu ileile inatabiri pipa lijae kwa takriban dakika 2 na sekunde 20. Likijaa kwa dakika moja, mchanga wako unapitisha zaidi ya ulivyodhani na pampu lazima ziongezwe. Kipimo hiki kina upungufu wake: shimo dogo haliendi mpaka kwenye mfinyanzi, kwa hiyo linaweza kuonyesha maji pungufu. Mimi huzidisha matokeo mara mbili. Kwako hiyo ni mita za ujazo 36 kwa saa, na inabeba pia mvua: masika ikishusha milimita 50, shimo lako linapokea mita za ujazo 15 kutoka angani tu.

Tukija kwenye pampu, usidanganywe na kibao chake. Kiasi kikubwa cha maji kilichoandikwa pale ni cha pampu isiyopandisha maji hata kidogo, na kimo kikubwa ni pale ambapo hakuna tone linalotoka. Omba mchoro wa utendaji wake, usome kiasi kwenye kimo chako. Kwako maji yanapanda kama mita 4.5 kutoka chini ya kisima cha pampu hadi mtaroni, halafu kuna msuguano ndani ya mpira. Hapa ndipo inchi 2 inaposhindwa. Ukilazimisha lita 10 kwa sekunde kupita kwenye mpira wa inchi 2 wenye urefu wa mita 60, msuguano peke yake unakula karibu mita 30 za kimo. Ukigawa maji kwa pampu mbili, kila moja lita 5 kwa sekunde kwenye mpira wake wa inchi 3, msuguano ni mita 1 hivi. Kwa hiyo yule wa pampu mbili yuko sahihi: mbili za kuzamisha, za maji machafu, kila moja ikitoa angalau mita za ujazo 18 kwa saa kwenye kimo cha mita 8. Mota ya kilowati 1.5 kwa kila moja inatosha. Ongeza ya tatu ikae pembeni tayari, na jenereta yenye nguvu ya kuziwasha. Umeme ukikatika, maji ya kwako yanapanda sentimita 6 kila saa, na usiku mmoja yatafunika nondo zako.

Visima vya pampu viweke kwenye kona mbili za mkabala, nje ya mstari wa msingi, mita 1 chini ya sakafu ya shimo. Zamisha pipa lililotobolewa, lizungushie kitambaa cha jiotekstaili na kokoto. Mitaro midogo ya pembeni ilete maji pale.

Jambo ninalolisisitiza kuliko pampu yenyewe ni rangi ya maji yanayotoka. Kila siku chukua chupa, iache itulie, utazame chini. Mchanga ukiendelea kutua baada ya siku ya kwanza, unavuta ardhi ya jirani. Niliwahi kuitwa kwenye eneo moja ambapo ukuta wa jirani ulikuwa umepasuka kwa sababu hiyohiyo, na maji yalikuwa na rangi ya chai kwa wiki nzima huku pampu zikisifiwa kwa nguvu. Ukiona mchanga unachemka kwenye sakafu ya shimo, acha kuchimba, acha maji yarudi kidogo, na umwite mhandisi. Kwenye mchanga laini sana pampu za kisima hazifai. Hapo panatakiwa mabomba membamba kuzunguka shimo lote, yanayovutwa na pampu ya vakyumu.

Na usizime pampu siku zege la rafti linapokauka. Maji yakirudi mita 1.5, yanasukuma sakafu juu kwa tani 2 kila mita ya mraba, tani 600 kwa jengo lako. Rafti ya sentimita 40 ina uzito wa karibu tani 1 tu kwa mita ya mraba. Mhandisi wako akuandikie ni ghorofa ya ngapi ndipo uzito unazidi hiyo tani 2 kwa nafasi ya kutosha, na pampu ziendelee mpaka hapo.