Mvua Yangu Ilikuwa Mchele

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Makambako aliniandikia akiuliza nilitumia maikrofoni gani kunasa mvua inayosikika katika mchezo wangu wa sauti wa dakika nane. Maikrofoni ilikuwa ya simu, na mvua ilikuwa nusu kilo ya mchele wa Kyela, ambao baadaye tuliupepeta tukaula.

Sikuanza na mchele. Mchezo unahusu binti anayerudi nyumbani Tukuyu usiku wa mvua, na mama anayesita kumfungulia mlango. Mimi ninaishi Uyole, na mwezi wa Aprili mvua huku si kitu cha kutafuta. Nilisimama upenuni na simu, nikarekodi robo saa ya mvua ikipiga bati, nikaitandaza chini ya maneno ya waigizaji, kisha nikapeleka kazi kwenye kituo kimoja cha redio. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, nalo lilikuwa swali: "Huyo mama anakaanga samaki?" Liliniuma, na bado linaniuma kidogo, hasa kwa kuwa nilipousikiliza mchezo upya kwa spika ya redio, nami niliwasikia samaki.

Unapokuwa upenuni, macho yanaiona mvua na mwili unasikia baridi, hivyo sikio linasaidiwa. Katika rekodi, maelfu ya matone yanayopiga bati kwa pamoja huwa mchirizo mmoja usio na mwanzo wala umbali, sawa na mafuta yanayochemka. Tena simu yangu ilikuwa ikijirekebishia sauti yenyewe: mvua ilipoongezeka, simu ilipunguza, kwa hiyo hata ile nguvu ya mvua inayokuja na upepo ilipotea. Kinacholiambia sikio kwamba hii ni mvua ni tone moja moja, linaloangukia kitu kinachojulikana.

Nikaijenga mvua kwa matabaka. Ile rekodi ya upenuni niliibakiza mbali, ikisikika kwa shida. Juu yake niliweka sinia la bati lililofunikwa kifudifudi, ukingo mmoja ukiegemea kitabu, na chini yake godoro ili punje zinazoteleza zisipige sakafu. Mchele uliachiwa kutoka kiganjani polepole na bila mpangilio, simu ikiwa shubiri moja na nusu pembeni. Mkono ukienda sawasawa, utasikika mtu anayechagua mchele. Tabaka la karibu kabisa lilikuwa kitambaa kilicholowa, kilichokamuliwa juu ya beseni lenye maji ya vidole viwili, kuwa maji yanayodondoka kutoka upenuni. Kila tabaka nililirekodi dakika mbili nzima, kwa maana kipande kifupi kikirudiarudiwa, msikilizaji hulitambua tone lile lile na mvua inageuka mashine.

Wengi hushauri kwamba mhusika akiingia ndani, mvua ififishwe. Wanaosema hivyo hawajalala chini ya bati lisilo na dari! Kwetu mvua hupiga kelele zaidi ndani kuliko nje. Kwa hiyo mlango ulipofunguka nilipandisha sauti ya sinia na kuiondoa ya beseni, na hapo binti alikuwa ameingia bila mtu yeyote kusema ameingia.

Ilibaki aibu ya pili, ambayo kituo kile hakikuitaja. Sauti za waigizaji nilizirekodi mbele ya kabati la nguo lililo wazi, blanketi zikining'inia nyuma yao, na zilikuwa safi mno. Walizungumza kama watu walio kanisani, ilhali chini ya bati watu hupaza sauti, na kuongeza sauti kwenye kompyuta hakusaidii, kwa sababu anayeshindana na mvua hubadilika hata lafudhi: sauti hupanda na irabu hurefuka. Tulirudia yote, kila mwigizaji akisikia ile mvua katika sikio moja, ili sikio la pili limsikie mwenzake. Lakini mama alipopaza "Nani?", kusita kwake kulitoweka, akawa mtu mkali tu. Baada ya kuhangaika jioni nzima, nilimwambia aweke mdomo karibu na simu, kando yake kidogo ili pumzi isiigonge, aseme kwa sauti ya chini kana kwamba anaongea kwenye ufa wa mlango. Neno hilo moja nalionea fahari kuliko mchezo mzima.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Makambako, hiyo fedha ya maikrofoni iache kwanza. Rekodi baada ya saa tano usiku, bodaboda zikishatulia, na unase pia nusu dakika ya ukimya wa chumba chako, kwa ajili ya kuziba mapengo kati ya maneno. Zima jokofu, maana mngurumo wake hutausikia mpaka uanze kuhariri. Kisha andika mahali kwamba umelizima. Mimi nilikumbuka asubuhi, na maziwa yalikuwa yameganda.